Mafua ya kila mwezi: ni usingizi, ni mawazo au ni chakula?

*Shikamoo daktari. Nina miaka 34, nauza vitambaa Kariakoo na naishi Chanika. Tangu mwaka jana napata mafua karibu kila mwezi, na yakinishika yananilaza siku 3 au 4. Mume wangu naye anaambukizwa na mtoto wetu huyohuyo wa chekechea, lakini yeye anapiga chafya siku 2 basi. Naamka saa 10 alfajiri, nalala saa 5 usiku, na kodi ya fremu imepanda, nina mawazo nayo tangu Januari. Kila asubuhi nakunywa maji ya moto yenye limao na tangawizi, na nanunua vidonge vya vitamini C vya miligramu 1000. Je, kinga yangu imeshuka? Kipi kinaniumiza zaidi: usingizi, mawazo au chakula?*

Marahaba. Kwa maelezo uliyotoa, ningeweka usingizi mbele, mawazo nyuma yake kwa karibu, na chakula nyuma kabisa. Nitaeleza kwa nini napanga hivyo, kwa sababu watu wengi hupanga kinyume: huanza na chakula, tena si chakula chenyewe bali vidonge, kisha usingizi huwa jambo la kufikiriwa mambo mengine yakiisha.

Kwanza tukubaliane kwamba hakuna mafua bila virusi. Aina za virusi vya rhino peke yake, ambavyo ndivyo chanzo kikubwa cha mafua, zinazidi 160, na kupona aina moja hakukukingi vya kutosha dhidi ya nyingine. Mtu mzima wa kawaida hupata mafua mara 2 hadi 3 kwa mwaka, lakini mtoto mdogo hupata mara nyingi zaidi, na mzazi mwenye mtoto wa chekechea huletewa virusi nyumbani kila anapomwogesha na kumpangusa pua. Hapo ndipo ugumu wa swali lako ulipo. Tukikuta kwamba watu wasiolala vya kutosha huugua mafua mara nyingi, tunajuaje kuwa chanzo si watoto wanaowaamsha usiku na kuwapa virusi mchana, au daladala lililojaa ambalo wanalipanda alfajiri?

Jibu zuri zaidi tulilo nalo limetokana na majaribio ambamo kila mtu alipewa virusi vilevile kwa makusudi. Sheldon Cohen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilichoko Pittsburgh, Marekani, na wenzake wamefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watu 153 wenye afya njema, wa umri wa miaka 21 hadi 55, waliulizwa kila siku kwa siku 14 mfululizo walilala kwa muda wa saa ngapi usiku uliopita. Kisha waliwekwa karantini, wakadondoshewa virusi vya rhino puani, wakafuatiliwa kwa siku 5. Watafiti hawakuridhika na mtu kusema tu kwamba anajisikia vibaya. Walikusanya karatasi laini zote walizopengea na kuzipima uzito ili kujua kamasi ni kiasi gani, na wakapima muda ambao pua ilichukua kusafisha rangi waliyoiweka ndani. Walipima pia kingamwili za kila mtu kabla ya kumpa virusi, ili aliyewahi kukutana na aina hiyo ya virusi asihesabiwe kuwa ameokolewa na usingizi.

Waliolala chini ya saa 7 walikuwa na uwezekano wa kuugua karibu mara 3 ya wale waliolala saa 8 au zaidi. Mwaka 2015 kundi hilohilo la watafiti lilirudia jambo hili kwa watu 164, safari hii wakiwavalisha mkononi kifaa kinachorekodi mwendo wa mwili, kwa sababu kumbukumbu ya mtu kuhusu usingizi wake haiaminiki sana. Waliolala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 wakilinganishwa na waliolala zaidi ya saa 7. Kundi la katikati, yaani waliolala saa 6 hadi 7, halikutofautiana kwa uhakika na waliolala zaidi. Naomba ulikumbuke kundi hilo, maana ndilo litakalokufaa wewe.

Ukilala saa 5 usiku na kuamka saa 10 alfajiri, unakuwa kitandani kwa saa 5, sawa na dakika 300. Lakini kuwa kitandani si kulala. Ukitoa dakika 20 za kujigeuzageuza ukipiga hesabu za kodi, na dakika 20 nyingine za joto au za mtoto aliyeamka kuomba maji, unabaki na dakika 260, ambazo ni saa 4 na dakika 20. Sehemu hiyo ya muda wa kitandani ambayo mtu analala kweli, kwako asilimia 87 hivi, nayo ilipimwa katika utafiti wa mwaka 2009, na matokeo yake yalinishangaza kuliko yale ya saa zenyewe: waliokuwa chini ya asilimia 92 walikuwa na uwezekano wa kuugua mara 5 na nusu ya wale waliofikia asilimia 98. Kwa hiyo unaanguka katika kundi baya kwa vipimo vyote viwili. Sisemi kwamba hesabu za Pittsburgh zinahamia Chanika zilivyo. Wale walikuwa watu wa Marekani, hawakuwa na magonjwa mengine, na hakuna aliyelazimishwa kulala kidogo. Watafiti waliwapima walivyo, na mtu asiyelala vizuri anaweza kuwa na mambo mengine yanayomdhoofisha. Hata hivyo yapo majaribio ambamo watu walinyimwa usingizi kwa makusudi, nayo yanaelekea upande uleule. Mwaka 2002, kwa mfano, vijana waliochanjwa dhidi ya homa ya mafua wakati wakilala saa 4 tu kwa usiku walikutwa baada ya siku 10 na kingamwili chini ya nusu ya zile za wenzao waliolala kawaida.

Kinachotokea mwilini kimeanza kueleweka. Seli T, ambazo ni miongoni mwa seli nyeupe za damu, haziwezi kuiua seli iliyoingiwa na virusi bila kwanza kuishika kwa nguvu. Watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2019 kwamba seli T za watu waliokuwa wamelala zilishika vizuri kuliko za wale waliokesha, kwa sababu homoni kama adrenalini, ambazo hushuka mtu anapolala, huzuia mshiko huo. Mtu anayelala kwa muda wa saa 4 tu huzikatisha seli hizo nafasi ya kushika vizuri mapema kila usiku, kabla kazi haijaisha.

Sasa nije kwenye mawazo. Ukweli kwamba msongo wa mawazo unahusiana na mafua si jambo jipya: Cohen na wenzake walilionyesha mwaka 1991 kwa watu 394 katika kituo cha utafiti wa mafua kilichokuwa Salisbury, Uingereza. Katika kundi lenye msongo mdogo kabisa, waliougua baada ya kupewa virusi walikuwa asilimia 27 hivi. Katika kundi lenye msongo mkubwa kabisa walifika asilimia 47. Ila utafiti wao wa mwaka 1998, uliohusisha watu 276, ndio unaokugusa zaidi. Waligundua kwamba jambo zito lililodumu chini ya mwezi mmoja, hata likiwa la kuumiza sana, halikuongeza hatari ya kuugua. Lililoongeza ni lile lililodumu mwezi mmoja au zaidi, na hasa ya aina mbili: kukosa kazi au kuwa na kazi isiyotosha, na mgogoro usiokwisha na mtu wa karibu. Kwa watu hao hatari iliongezeka zaidi ya maradufu. Kwa hiyo ugomvi wa siku moja na mteja haukuletei mafua, lakini kodi inayokusumbua tangu Januari inaweza kuchangia.

Wengi hudhani kwamba mawazo humwaga homoni ya kotisoli, kotisoli ikaiua kinga, mtu akaugua. Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 2012 watafiti haohao walipima kotisoli katika damu na wakakuta kiasi chake hakitabiri nani ataugua. Kilichotabiri ni namna seli za kinga zinavyoitikia kotisoli hiyo. Kazi mojawapo ya kotisoli ni kuzituliza seli za kinga ziache kuchochea uvimbe pale ambapo umetosha. Mtu akiishi na msongo kwa miezi, seli zake huizoea amri hiyo na kuacha kuitii. Ndiyo maana sikushauri ulipie kipimo cha kotisoli maabara. Kinaweza kurudi kikiwa cha kawaida kabisa, nawe ukabaki na tatizo lako.

Jambo hilo ndilo linaloeleza pia swali lako kuhusu mume wako. Virusi vya rhino vyenyewe haviharibu sana ngozi laini ya ndani ya pua. Kuziba kwa pua, kuwashwa koo, kichwa kizito na uchovu unaokulaza kwa sehemu kubwa hutoka kwenye kemikali ambazo seli zako za kinga huzitoa zinapopambana. Katika majaribio ya Salisbury, wengi waliopewa virusi waliambukizwa, lakini wapo waliobeba virusi puani bila kuugua. Na katika utafiti wa mwaka 2012, wale ambao seli zao zilikuwa zimeacha kuitii kotisoli walitoa kemikali nyingi zaidi za uvimbe puani baada ya kupewa virusi. Kwa hiyo inawezekana kabisa wewe na mume wako mliambukizwa virusi vilevile na mtoto yuleyule, kwa kiasi kilekile, yeye mwitikio wake ukatulia siku ya pili na wako ukaendelea.

Kwa sababu hiyo sipendi sana kusema kwamba kinga yako imeshuka. Kinga iliyoshuka kweli, kama ile ya mtu mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa, hujionyesha kwa nimonia zinazojirudia, fangasi mdomoni, kifua kikuu au vidonda visivyopona, si kwa mafua ya kawaida yanayopona ndani ya wiki. Ukitaka kuondoa shaka, pima virusi vya ukimwi na sukari mara moja. Ni vipimo vya bei ndogo au vya bure. Lakini picha uliyonieleza inafanana zaidi na kinga inayoamka taratibu na kuchelewa kutulia. Dawa za kuongeza kinga zinazouzwa mtaani zinaahidi kuichochea zaidi, wakati tatizo lako si uchache wa kuchochewa.

Vitamini C imechunguzwa kwa miongo mingi, na matokeo yake hayana utata mkubwa. Kwa watu wa kawaida, kuimeza kila siku hakupunguzi idadi ya mafua. Hufupisha mafua kwa wastani wa asilimia 8 kwa watu wazima, ambazo kwa mafua ya siku 7 ni kama nusu siku. Ukianza kuimeza baada ya dalili kuanza, hata nusu siku hiyo haipatikani kwa uhakika. Kundi lililonufaika kweli ni la watu wanaotumia nguvu nyingi mno, kama wakimbiaji wa marathoni na askari walio mazoezini kwenye baridi kali, ambao mafua yao yalipungua kwa karibu nusu. Kubeba mizigo ya vitambaa ni kazi ngumu, lakini sidhani kama inafikia hapo.

Halafu kuna suala la kiasi. Mwanamke mzima anahitaji miligramu 75 hivi za vitamini C kwa siku. Pera moja la wastani lina zaidi ya miligramu 100, na chungwa lina kama 60 au 70. Utumbo hufyonza karibu vitamini yote mtu akila kiasi kidogo, lakini dozi ikipita gramu 1 sehemu inayofyonzwa hushuka chini ya nusu, na ziada iliyoingia kwenye damu hutolewa na mkojo. Kwa pesa ya chupa moja ya vidonge vyako utakula mapera mwezi mzima wakati wa msimu. Maji ya limao na tangawizi endelea nayo ukiyapenda. Kinywaji cha moto hulainisha koo na hufanya pua ijisikie nyepesi, ila limao moja halina vitamini nyingi, na maji yanayochemka huipunguza hiyo iliyomo.

Chakula chenyewe kina uzito pale ambapo kuna upungufu. Hukuniambia unakula nini, nami nitabuni siku ya mfanyabiashara wa Kariakoo kama ninavyoisikia kwa wagonjwa wangu: asubuhi chai na maandazi mawili, mchana chipsi, usiku ugali na mchuzi, nyama ikiwepo anapewa baba na watoto. Kama yako inafanana na hiyo, ninachokihofia ni protini na madini ya zinki, maana seli za kinga zinazogawanyika kwa haraka wakati wa maambukizi huvihitaji vyote viwili. Dagaa, mayai, nyama na maharage vina zinki, lakini ile ya kwenye maharage na dona hushikiliwa na fitati, kemikali iliyomo kwenye nafaka na kunde, kiasi kwamba sehemu yake kubwa hupita tumboni bila kufyonzwa. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji hupunguza fitati, na kuchanganya dagaa kidogo kwenye mboga husaidia zaidi. Wali na maharage mchana badala ya chipsi, na kiganja cha dagaa usiku, vinatosha kwa mtu ambaye hana ugonjwa mwingine. Zaidi ya hapo, kwa mtu anayekula vya kutosha, sijaona ushahidi kwamba kuongeza chakula fulani kunazuia mafua.

Kabla hujabadilisha chochote, hakikisha kwamba kila unachokiita mafua ni mafua. Unakaa kutwa kwenye fremu yenye vumbi la vitambaa, na mzio wa pua huigiza mafua vizuri sana. Mafua huanza na koo kuwasha au kuuma, huwa makali siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua na kwisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mzio huleta kupiga chafya mfululizo, kuwashwa pua na macho, na kamasi jepesi kama maji. Hauleti homa, huzidi ukifungua majora ya vitambaa na hupungua Jumapili ukiwa nyumbani. Ikiwa nusu ya vipindi vyako ni vya namna hiyo, kulala mapema hakutavimaliza. Barakoa wakati wa kupanga mzigo na kufuta rafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vitasaidia zaidi.

Tukirudi kwenye usingizi, najua huwezi kuhamisha muda wa kuamka, kwa sababu ukichelewa kutoka Chanika foleni itakumaliza. Kinachoweza kusogea ni muda wa kulala. Ukiingia kitandani saa 3:30 usiku na kuamka saa 10, utapata dakika 390, na ukilala asilimia 92 ya muda huo unafika saa 6 kasoro dakika moja. Hapo ndipo linapoanzia kundi la katikati nililokuomba ukumbuke. Sikuwekei lengo la saa 8, ambalo utalishindwa wiki ya kwanza. Hatari kubwa ilikuwa chini ya saa 6, na kutoka hapo ndiko kwenye faida nyingi. Ili saa 3:30 iwezekane, hesabu za duka zifanyike dukani kabla ya kufunga, na mtoto akiamka usiku baba yake amhudumie walau nusu ya siku za wiki, hasa kwa kuwa yeye mafua hayamlazi.

Kuhusu kodi, mimi si mtu wa kukushauri biashara. Ninachoweza kusema ni kwamba kinachodhuru ni kuning'inia kwa jambo kwa miezi. Kukaa na mwenye fremu na kukubaliana, hata kwa masharti usiyoyapenda sana, au kugawana fremu na mwenzako, kunaweza kukusaidia kuliko kuendelea kusubiri bila kujua.

Andika kwenye daftari muda uliolala, siku dalili zilipoanza na siku ulizoshindwa kwenda kazini, kwa miezi 4. Usihukumu kwa mwezi mmoja. Mtu huomba ushauri akiwa katika kipindi kibaya kuliko vyote, na baada ya mafua matatu mfululizo mwezi unaofuata ungekuwa na nafuu hata kama hujabadilisha kitu. Angalia pia siku za kulala kitandani, si idadi ya mafua peke yake, kwa sababu mtoto ataendelea kuleta virusi na huenda ukaona mafua yanapungua makali kabla hayajapungua idadi.

Makohozi yakigeuka ya njano au ya kijani siku ya tatu au ya nne, usikimbilie kununua antibaiotiki duka la dawa. Rangi hiyo hutoka kwenye seli nyeupe zako mwenyewe na haithibitishi kuna bakteria. Nenda kituo cha afya ukipata homa inayozidi siku 3, ukihema kwa shida, au dalili zikirudi kwa ukali baada ya kuwa umeanza kupona. Na ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, au ukipungua uzito na kutoka jasho jingi usiku, omba upimwe kifua kikuu. Kipimo na matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali.